Ukurasa wa Kauntabuku na Ankara Iliyomo Ndani Yake



Nimekuja na ukurasa mmoja tu. Umetoka kwenye kauntabuku la duka la vifaa vya ujenzi lililo pembezoni mwa mji wa Morogoro. Mwenye duka ameniruhusu niusome hadharani, ila jina lake na la mteja wake nimeyaondoa. Mteja ni shule binafsi iliyokuwa ikijenga jiko jipya. Fundi wa shule alikuja dukani, akachukua vifaa, sehemu ya fedha ikalipwa kwa simu na nyingine ikabaki deni. Mama mwenye duka alipokwenda kudai baki yake, mhasibu wa shule aliupokea ukurasa kwa heshima, akausoma, kisha akamwambia: "Mama, kwa karatasi hii siwezi kuandika malipo. Niletee ankara." Ukurasa wenyewe unasomeka hivi:

4/3 SHULE – fundi
Simenti 20 – 360
Nondo nusu 14 – 312
Misumari 3" 4 – 16
Bati 12 – 252
Rangi nyeupe 2 – 150
Usafiri 30
1,120
toa 20 = 1,100
kalipa 500 baki 600

Mwenye duka akiusoma ukurasa huu, anaona kila kitu. Anakumbuka fundi alisimama wapi, kirikuu ilipakiwa saa ngapi, na kwa nini alimpunguzia ile 20. Mhasibu wa shule hakuwepo siku hiyo. Yeye anahitaji karatasi inayoweza kukaguliwa na mtu ambaye hakuona mzigo ukipakiwa: kila mstari ukokotolewe upya kwa kalamu, na jibu litoke lile lile lililoandikwa. Kazi yetu jioni hii ni kuutoa ukurasa huu hapo ulipo hadi kwenye karatasi ya namna hiyo. Nitakawia kwenye sehemu mbili ambazo ndizo zinazowaumiza wenye maduka: kusoma mstari ulioandikwa kwa mkato, na kujua kodi imekaa wapi ndani ya bei.

Tuanze na kusoma. Namba zote za fedha kwenye ukurasa huu zimekatwa sifuri tatu. 360 ni 360,000, na 16 ni 16,000. Hilo kila mtu aliyewahi kusimama nyuma ya kaunta analijua. Tatizo ni kwamba idadi za vitu hazijakatwa, na zimekaa mstari mmoja na fedha zilizokatwa. Tazama mstari wa misumari: inchi 3, kisha 4, kisha 16. Ile 4 ni nini? Inaweza kuwa kilo nne kwa bei ya 4,000 kila moja, na inaweza kuwa ni bei yenyewe, elfu nne, idadi ikiwa haikuandikwa. Safari hii majibu yote mawili yanaangukia 16,000, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Lakini mwezi ujao bei ikipanda hadi 4,500, mtu atakayenakili ukurasa wa zamani ataandika upuuzi bila kujua.

Kwa hiyo kila mstari wa ankara uwe na vitu vitano, navyo vikae kwenye safu zake: maelezo ya bidhaa, idadi, kipimo, bei ya kimoja, na kiasi. Kwenye ukurasa wetu safu mbili hazipo kabisa. Kipimo hakijaandikwa popote, wala bei ya kimoja. Mwenye duka anavijua kwa kichwa, basi inabidi aulizwe. Simenti ni mfuko wa kilo 50. Misumari ni kilo. Rangi ni ndoo ya lita 20, ambayo ukiandika "rangi 2" tu, mtunza stoo anaweza kudhani ni makopo ya lita nne na akakataa kusaini. Bati ni za geji 30. Nondo ni kipande kizima cha mita 12, na hapa kuna neno la kuangalia: mafundi wengi huiita "nusu", yaani nusu inchi, lakini oda ya shule iliandikwa "mm 12". Ni bidhaa ile ile kwa lugha mbili. Kwenye ankara tumia lugha ya oda ya mteja, kwa sababu mhasibu ataziweka karatasi mbili ubavuni na kulinganisha neno kwa neno.

Sasa bei ya kimoja. Usiiulize kwanza. Itafute mwenyewe kwa kugawanya, halafu ndipo umuulize mwenye duka kama ndivyo. 360,000 gawanya kwa 20 ni 18,000. Sawa, hiyo ndiyo bei ya simenti dukani kwake. 16,000 kwa kilo 4 ni 4,000. 252,000 kwa bati 12 ni 21,000. 150,000 kwa ndoo 2 ni 75,000. Zote zimekubali. Njoo kwenye nondo: 312,000 gawanya kwa 14 ni 22,285 na sehemu. Hakuna duka linalouza nondo kwa shilingi 22,285. Bei ya duka hili kwa nondo ya mm 12 ni 24,000, na 312,000 gawanya kwa 24,000 ni 13 kamili.

Hapo ndipo ukiurudia ukurasa kwa makini, unaona kwamba ile 14 imeandikwa juu ya namba nyingine. Wino umekuwa mzito, na mguu wa 3 bado unaonekana chini yake. Huenda fundi alitaja nondo 13, hesabu ikapigwa, kisha akaongeza moja wakati wa kupakia. Idadi ikasahihishwa, fedha hazikusahihishwa. Au kinyume chake: huenda nondo ziliondoka 13, na mtu akaibadilisha namba baadaye. Ukurasa peke yake hauwezi kuamua. Kinachoamua ni hati ya kupokelea mzigo, ile karatasi ambayo mtunza stoo wa shule aliisaini kirikuu ilipofika. Tuliitafuta, ikapatikana, na imeandika nondo 14. Basi mstari sahihi ni 14 kwa 24,000, ambayo ni 336,000. Mama alikuwa amedai pungufu kwa shilingi 24,000.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wengi tunakagua ukurasa kwa kujumlisha tu. Ukijumlisha fedha za ukurasa huu unapata 1,120,000, sawa kabisa na alivyoandika mwenyewe. Kujumlisha hakukuonyesha kosa lolote, maana kosa lilikuwa ndani ya mstari. Kugawanya ndiko kulikolitoa. Bei ya duka ni namba ya duara, elfu kwa elfu au mia kwa mia, kwa hiyo ukigawanya ukapata mkia wa namba zisizoeleweka, simama hapo hapo.

Mstari wa usafiri nao una swali lake. Kirikuu ni ya nani, na nani alimlipa dereva? Kama shule ilimlipa dereva mkononi, huo si mauzo ya duka na hauingii kwenye ankara hata kidogo. Kama duka ndilo lililopeleka mzigo kwa gari lake na kuitoza shule 30,000, basi ni sehemu ya mauzo kama simenti ilivyo. Hapa gari lilikuwa la duka. Tunaandika: usafirishaji wa vifaa hadi shuleni, safari 1, 30,000.

Jambo la mwisho katika kusoma ni mteja. Ukurasa unasema "SHULE – fundi". Ankara haiwezi kuandikwa kwa jina la fundi, ingawa yeye ndiye aliyesimama kaunta. Inaandikwa kwa jina kamili la anayelipa, kama lilivyo kwenye cheti chake cha namba ya mlipa kodi, pamoja na TIN yake. Jina la fundi unaweza kuliweka chini, kwenye nafasi ya "aliyechukua mzigo". Nimeona ankara sahihi kila tarakimu zikirudishwa kwa sababu ya jina tu.

Sasa tuingie kwenye kodi, na hapa naomba tutembee polepole.

Swali la kwanza linakuja kabla ya hesabu yoyote: mwenye duka amesajiliwa kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo sote tunaiita VAT, au hajasajiliwa? Kuwa na TIN si kusajiliwa VAT. Aliyesajiliwa ana namba ya pili, VRN. Tanzania Bara, kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara wa kawaida kujisajili ni shilingi milioni 200 kwa mwaka tangu Julai 2023. Kabla ya hapo kilikuwa milioni 100. Wengi wa wenye maduka madogo wako chini ya hapo. Kama uko chini na hujasajiliwa, ankara yako haina mstari wa VAT. Unajumlisha, unatoa punguzo, basi. Kuandika asilimia 18 ili karatasi ionekane ya kampuni kubwa ni kumtoza mteja kodi usiyo na mamlaka ya kuitoza, na mteja akijaribu kuidai kwenye ritani yake atakataliwa, kisha atakurudia wewe.

Mama wa duka hili amesajiliwa. Kwa hiyo swali la pili ni lake, nalo ndilo kiini cha mhadhara huu: zile bei za kauntabuku, 18,000 ya simenti na 24,000 ya nondo, zina kodi ndani yake au hazina?

Jibu linatoka kwenye mazungumzo ya kaunta. Fundi aliuliza simenti bei gani, akaambiwa kumi na nane, akakubali. Hakuna aliyemwambia "kumi na nane, halafu kodi juu yake". Alichokubali kulipa ni 18,000, mwisho wa habari. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 nayo inakwenda hivyo hivyo: inaanzia kwenye kile mteja anacholipa, kisha inaitoa kodi kutoka humo. Kwa hiyo kodi imo ndani tayari. Kazi yetu si kuiongeza, ni kuionyesha.

Na kuionyesha kuna hesabu yake. Chukua bidhaa yenye thamani ya 100 kabla ya kodi. Kodi ni 18, mteja analipa 118. Katika kila 118 anayotoa mteja, 18 ni ya serikali na 100 ni ya duka. Basi ukiwa na bei yenye kodi ndani, kodi yake ni bei hiyo mara 18 gawanya kwa 118. Wasikilizaji wetu kutoka Kenya, ambako kiwango cha kawaida ni asilimia 16, watatumia 16 kwa 116. Njia ni ile ile.

Kosa linalofanyika kila siku ni kuchukua asilimia 18 ya jumla yenye kodi. Nitalionyesha kwenye namba zetu wenyewe, lakini kwanza tuipate jumla. Bidhaa na usafiri, pamoja na nondo iliyosahihishwa, ni 1,144,000. Mama alipunguza 20,000. Inabaki 1,124,000.

Asilimia 18 ya 1,124,000 ni 202,320. Hesabu sahihi, 1,124,000 mara 18 gawanya kwa 118, inatoa 171,457.63. Tofauti ni shilingi 30,862 na senti kadhaa. Mama akiandika ile ya kwanza kama kodi iliyomo ndani, atakuwa amejitangazia deni la serikali la zaidi ya elfu thelathini ambazo hakuzipokea kama kodi, na zitatoka kwenye faida yake ya nondo na simenti. Akiiongeza juu, ankara itasoma 1,326,320, na shule itamuuliza kwa haki kabisa kwa nini bei zimebadilika tangu siku ya kuchukua mzigo.

Kuna kipimo cha kujua kama umekosea, na kinachukua dakika moja. Toa kodi kutoka kwenye jumla, upate thamani kabla ya kodi. Kisha chukua asilimia 18 ya thamani hiyo. Lazima urudi kwenye kodi ile ile. Kwa hesabu sahihi: 1,124,000 toa 171,457.63 ni 952,542.37, na asilimia 18 yake ni 171,457.63. Imerudi. Kwa hesabu mbovu: 1,124,000 toa 202,320 ni 921,680, na asilimia 18 yake ni 165,902.40. Haikurudi. Mhasibu yeyote aliyezoea kazi hufanya hivi kabla hajasoma hata jina la duka.

Punguzo nalo lina mahali pake. Lilitolewa siku ile ile ya mauzo, kwa hiyo bei halisi ya mauzo ni ile iliyopungua, na kodi inatolewa kwenye 1,124,000, si kwenye 1,144,000. Ukiitoa kodi kwanza ndipo ukate punguzo, utalipa kodi ya shilingi 3,050 na ushee kwa fedha ambazo mteja hakukupa. Kwa sababu mistari yote ya ankara hii inatozwa kiwango kimoja, punguzo linaweza kukaa kama mstari mmoja chini ya bidhaa. Isingekuwa hivyo kama ingekuwa ankara ya duka la vyakula. Mahindi na maharage yasiyosindikwa yamesamehewa VAT, sabuni haijasamehewa. Hapo kila mstari unahitaji kuonyesha kiwango chake, na punguzo la jumla linagawanywa kwa uwiano kati ya bidhaa zenye kodi na zisizo na kodi. Vinginevyo unaweza kulirundika lote upande wa sabuni na kupunguza kodi isivyostahili.

Na ile 500,000 iliyolipwa? Wengi huikata mapema, kana kwamba ni punguzo. Malipo ya awali hayapunguzi bei wala kodi. Yanapunguza deni peke yake, kwa hiyo yanakaa chini kabisa, baada ya jumla kuu. Andika na tarehe na namba ya muamala wa simu, ili mhasibu wa shule ayaone kwenye taarifa yake pia.

Sasa naweza kuwasomea mwili wa ankara yenyewe, bei zikiwa na VAT ndani:

1. Simenti, mfuko wa kilo 50: 20 × 18,000 = 360,000
2. Nondo mm 12, kipande cha mita 12: 14 × 24,000 = 336,000
3. Misumari inchi 3, kilo: 4 × 4,000 = 16,000
4. Bati geji 30, kipande: 12 × 21,000 = 252,000
5. Rangi nyeupe, ndoo ya lita 20: 2 × 75,000 = 150,000
6. Usafirishaji hadi shuleni, safari: 1 × 30,000 = 30,000

Punguzo: 20,000
Jumla pamoja na VAT: 1,124,000.00
VAT asilimia 18 iliyomo: 171,457.63
Thamani kabla ya VAT: 952,542.37
Imelipwa: 500,000.00
Baki: 624,000.00

Mtaona nimeacha bei za mistari zikiwa na kodi ndani, na kodi nimeitoa mara moja tu, chini. Nina sababu. Wengine hupenda kila mstari uonyeshe bei kabla ya kodi. Simenti ya 18,000 inakuwa 15,254.2373 na kuendelea. Utaikatia wapi? Ukiandika 15,254, mifuko 20 inakuwa 305,080, wakati thamani halisi ya mstari ni 305,084.75. Bati ukiandika 17,797 kila moja, mstari unapanda kwa karibu shilingi tano. Kila mstari unaongeza au kupunguza kidogo, na mwisho jumla haikubaliani na fedha mliyopatana. Tofauti yenyewe ni ndogo mno, lakini mhasibu anayelipa 1,124,000 na kukuta karatasi inayosema 1,124,000.74 anatakiwa kuuliza, na swali hilo linaweza kukugharimu wiki nzima ya kusubiri. Kama oda ya mteja imeandikwa kwa bei zisizo na kodi, basi fuata oda, lakini weka tarakimu mbili za senti kwenye kila mstari na ukadirie mara moja mwishoni.

Wenye kompyuta au simu yenye jedwali wanaweza kuiandaa ankara hii mara moja na kuitumia siku zote. Maelezo yakiwa safu ya A, idadi B, kipimo C, bei D na kiasi E, na bidhaa zikianzia mstari wa 2 hadi wa 7, punguzo likaandikwa E8 na malipo E12, fomula zinazohitajika ni hizi:

```
E2:  =B2*D2
E9:  =SUM(E2:E7)-E8
E10: =ROUND(E9*18/118,2)
E11: =E9-E10
E13: =E9-E12
```

Fomula ya E2 inanakiliwa hadi E7. Angalieni E11: thamani kabla ya kodi inapatikana kwa kutoa, si kwa kukokotoa upya na kukadiria mara ya pili. Kwa njia hiyo namba mbili zikijumlishwa haziwezi kukosa kurudi kwenye jumla.

Mwenye duka alikuwa amedai baki ya 600,000, na ankara sasa inasema 624,000. Ile tofauti ya nondo haitakiwi kufichwa ndani ya karatasi mpya. Nilimshauri ampigie simu mhasibu kabla ya kuipeleka, amweleze kwamba hati ya kupokelea mzigo ina nondo 14 na hesabu ya awali ilitoza 13, na nakala ya hati hiyo aiambatishe. Shule ilikubali bila neno, kwa sababu mtunza stoo wao alikuwa na nondo 14 kwenye leja yake.

Juu ya mistari ya ankara kuna vichwa ambavyo sitakaa navyo sana: jina la duka, anwani, TIN na VRN, jina la mteja na TIN yake, tarehe, na namba ya ankara. Namba iende kwa mfuatano bila kuruka. Ankara iliyoharibika ipigwe mstari na kubaki kwenye faili, isichanwe, kwa sababu mkaguzi akikuta 041 na 043 atauliza 042 ilimuuzia nani.

Nije kwenye jambo ambalo karatasi hii, pamoja na uzuri wake wote, haiwezi kulifanya. Tangu mwaka 2010 wafanyabiashara wa VAT Tanzania Bara wanatoa risiti kwa mashine ya EFD, na kwa kodi hiyo ndiyo karatasi inayotambuliwa. Ankara yako ya kompyuta inamweleza mteja anachodaiwa. Risiti ya EFD ndiyo inayoiambia Mamlaka ya Mapato kwamba mauzo yametokea. Zote mbili zinahitajika, na lazima zikubaliane. Kwenye risiti tafuta mistari miwili: `TOTAL EXCL OF TAX` na `TOTAL INCL OF TAX`. Ya kwanza ifanane na thamani yako kabla ya VAT, ya pili na jumla yako kuu. Mteja naye anaweza kuihakiki risiti kwenye `verify.tra.go.tz` kwa namba iliyochapwa chini yake. Na risiti ichapwe kwa 1,124,000 yote. Nimekuta maduka yanayochapa kwa fedha iliyopokelewa tu, hapa ingekuwa 500,000, yakisubiri baki iingie ndipo yachape nyingine.

Hilo linatupeleka kwenye uchungu wa mali kauli, na nataka kila mwenye duka ausikie kabla hajakubali kukopesha. VAT haisubiri mteja alipe. Inadaiwa kuanzia lile linalotangulia kati ya mambo matatu: ankara kutolewa, malipo kupokelewa hata kwa sehemu, au mzigo kukabidhiwa. Mzigo wetu uliondoka Machi. Kodi yote ya 171,457.63 inaingia kwenye ritani ya Machi, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 ya Aprili, hata kama shule itamaliza deni mwezi Juni wazazi wakilipa ada. Kuchelewesha ankara hakusogezi tarehe hiyo, kwa sababu mzigo umekwisha kukabidhiwa. Kinachompunguzia mama mzigo huo ni risiti za EFD za duka la jumla alikonunua simenti na nondo: kodi aliyolipa huko anaikata kwenye hii, na kupeleka tofauti tu. Bila risiti hizo, kodi ya manunuzi anaibeba mwenyewe. Kwa hiyo anayekopesha ahesabu kwanza: malipo ya awali yatoshe angalau bei aliyonunulia pamoja na kodi atakayopeleka, kabla ya baki kuingia. Mkopo ambao malipo yake ya kwanza hayafiki hapo, duka dogo linaugharamia kutoka kwenye mtaji.

Kama mteja angekuwa taasisi ya serikali, angekata pia kodi ya zuio ya asilimia 2 kwenye malipo ya bidhaa. Hiyo anaikata mlipaji, wewe usiipunguze kwenye ankara. Andika kiasi chako kamili, kisha udai cheti cha zuio, maana fedha hiyo inahesabiwa kwenye kodi yako ya mapato ya mwaka.

Baada ya ankara kutoka, hesabu inaweza kubadilika tena, na kwa duka hili ilibadilika. Wiki iliyofuata shule ilirudisha bati mbili zilizotoboka pembeni. Mwenye duka alitaka kuichukua ile ankara aiandike upya kwa bati 10. Isifanyike hivyo, kwa sababu nakala ya kwanza iko kwa mhasibu, namba yake iko kwenye leja, na mauzo yamekwisha kusomwa na mashine. Inatolewa karatasi ya pili, hati ya kupunguza deni, yenye namba yake yenyewe na inayotaja namba ya ankara ya mwanzo, tarehe na sababu. Bati mbili kwa 21,000 ni 42,000. Lile punguzo la 20,000 lilitolewa kwa mzigo mzima, kwa hiyo waliulizana kwanza kama sehemu yake irudi, wakakubaliana liachwe lilivyo. Kodi iliyomo kwenye 42,000 ni 6,406.78, na thamani kabla ya kodi ni 35,593.22. Baki ya shule ikashuka kutoka 624,000 hadi 582,000, na ile 6,406.78 inapunguzwa kwenye VAT ya mauzo ya mwezi ambao hati hiyo ilitolewa.